Maisha ya Mwalimu Nyerere kwenye kipande cha manila

Mtoto wa Darasa la Tano anarudi nyumbani na kazi ya mradi: atengeneze kadi ya wasifu wa kiongozi aliyepigania uhuru, abandike picha, kisha aisome mbele ya wenzake. Kwa Tanzania, jina la kwanza linalokuja ni la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Manila inanunuliwa dukani, inakatwa vipande vinne, na kipande kimoja kikishabandikwa picha kinabaki na nafasi ya maneno kama themanini kwa mwandiko wa mtoto. Mzee aliyeishi miaka 77, akaongoza nchi zaidi ya 20, anatakiwa aenee humo. Tatizo la kwanza basi ni kuchagua, na la pili, ambalo ndilo linalowaangusha wengi, ni kupanga vyeo na miaka.

Kadi nyingi huandikwa hivi: "Nyerere alikuwa Rais wa kwanza wa Tanzania, aliyeleta uhuru wa Tanzania mwaka 1961." Mwaka 1961 hapakuwa na nchi iitwayo Tanzania, na Nyerere hakuwa Rais. Nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ni Tanganyika, naye alikuwa Waziri Mkuu wake. Mkuu wa nchi alibaki Malkia Elizabeti wa Uingereza, akiwakilishwa Dar es Salaam na Gavana Mkuu, Richard Turnbull. Jambo hili mtoto hulishangaa, na ni vizuri alishangae, maana hapo ndipo anapoelewa kwamba uhuru ulikuja kwa hatua.

Kilichofuata ni kigumu zaidi kukisadiki. Januari 1962, wiki chache tu baada ya sherehe, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu. Nafasi yake ikachukuliwa na Rashidi Kawawa, mwenyewe akaenda kukiimarisha chama cha TANU huko mikoani. Mwishoni mwa mwaka huo ukafanyika uchaguzi, akashinda, na tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri, yeye akiwa Rais wake wa kwanza. Tarehe na mwezi ni zilezile za uhuru, kilichobadilika ni mwaka. Ndiyo maana watoto, na watu wazima pia, huchanganya siku hizi mbili na kuzifanya moja.

Tanzania ilikuja baadaye. Zanzibar ilipata uhuru wake tarehe 10 Desemba 1963, yakafuata Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na tarehe 26 Aprili mwaka huo Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume wakaunganisha nchi zao. Jina la Tanzania lilianza kutumika rasmi miezi kadhaa baada ya Muungano. Kwa hiyo njia rahisi ya kuikagua kadi ya mtoto ni kutafuta neno "Tanzania". Likikutwa kwenye sentensi inayozungumzia mwaka wowote kabla ya 1964, sentensi hiyo irekebishwe.

Kosa jingine la namna hiyo ni la Mwenge. Utamkuta mtoto ameandika kwamba Nyerere alipanda Mlima Kilimanjaro na kuuweka Mwenge kileleni usiku wa uhuru. Wazo lilikuwa lake, na alilisema mwaka 1959 katika Baraza la Kutunga Sheria. Aliyepanda mlima ni askari, Luteni Alexander Nyirenda, wakati Nyerere akiwa Dar es Salaam kwenye sherehe. Vilevile, tusiseme kwamba alianzisha TANU peke yake. Kabla yake kulikuwa na chama cha TAA, kilichoanza mwaka 1929 kwa jina la Jumuiya ya Waafrika. Nyerere alichaguliwa kukiongoza mwaka 1953, na tarehe 7 Julai 1954 yeye na wenzake wakakigeuza kuwa TANU. Walikuwemo Waafrika wa makabila na dini mbalimbali, na muda mfupi baadaye akajiunga Bibi Titi Mohamed, aliyewavuta wanawake wa Dar es Salaam kwa maelfu. Kadi ni ya mtu mmoja, lakini maneno mawili, "na wenzake", hayajazi nafasi, na bila hayo habari inakuwa ya uongo.

Sasa kwenye kuchagua. Ningekuwa mwalimu wa darasa hilo, ningemwambia kila mtoto aache orodha ya sifa, yaani mzalendo, shujaa, mpenda watu, kisha atafute tendo moja linaloonyesha sifa hizo. Kwa Nyerere tendo hilo lipo, tena linaelezeka kwa mstari mmoja. Mwaka 1955 alikuwa akifundisha katika sekondari ya Mtakatifu Fransisko huko Pugu, amerudi na shahada yake kutoka Edinburgh, ana mke, Mama Maria, waliyefunga ndoa Januari 1953, na ameanza kupata watoto. Machi mwaka huo alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza. Aliporudi ilimbidi achague: abaki na kazi na mshahara wake, au aendelee na siasa. Aliiacha kazi, akarudi kwao Butiama kwa muda, kisha akaendelea na TANU. Jina la Mwalimu halikumtoka hata hivyo, na Watanzania wanamwita hivyo mpaka leo. Mtoto wa miaka kumi na moja, anayejua mshahara wa mzazi unavyosubiriwa nyumbani, analielewa jambo hili kuliko neno "uzalendo".

Upande wa utoto, kinachofaa kuingia ni kwamba alianza shule akiwa na miaka 12, Mwisenge, Musoma, akilala bwenini mbali na nyumbani. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Jina Julius alilipata ukubwani, alipobatizwa mwaka 1943. Kabla ya hapo aliitwa Kambarage.

Kadi yenyewe inaweza kusomeka hivi:

MWALIMU JULIUS KAMBARAGE NYERERE (1922–1999). Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa chifu. Alianza shule Musoma akiwa na miaka 12, akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh. Mwaka 1954 yeye na wenzake waliunda TANU. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu ili apiganie uhuru. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye akawa Waziri Mkuu. Alikuwa Rais wa Tanganyika kuanzia 1962, na wa Tanzania kuanzia 1964 hadi alipong'atuka mwaka 1985. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Azimio la Arusha la 1967, vijiji vya ujamaa na vita vya Kagera vimeachwa nje kwa makusudi. Vinahitaji maelezo ambayo kadi haina pa kuyaweka, na mada aliyopewa mtoto ni uhuru. Akitaka, achore mstari wa miaka nyuma ya kadi na kuvionyesha hapo.

Kabla ya gundi kukauka, mzazi afunike kadi kwa mkono na amuulize mtoto maswali mawili: siku ya uhuru Nyerere alikuwa na cheo gani, na nchi iliitwaje? Akijibu Waziri Mkuu, na Tanganyika, kadi iko tayari kwenda shule.