Mkataba wa Usiri: Taarifa Ulizopewa ni za Kazi Gani?

Mwezi Mei 2010, kampuni mbili kubwa kuliko zote za kokoto na mchanga nchini Marekani ziliingia kwenye mazungumzo ya kuungana. Moja ilikuwa Vulcan Materials ya Birmingham, Alabama, nyingine Martin Marietta Materials ya Raleigh, North Carolina. Zilikuwa zikishindana sokoni, na kokoto ni biashara yenye siri nyingi kuliko inavyoonekana. Mawe ni mazito na kuyasafirisha ni ghali, kwa hiyo faida ya kila machimbo hutegemea umbali wake na mteja, gharama ya kupasua tani moja, na bei anayotozwa kila mkandarasi. Haya hayamo kwenye hesabu zinazotangazwa kwa umma. Ili kujua kama muungano ungelipa, ilibidi kila upande uyaone ya mwenzake.

Wakasaini mkataba wa usiri wa miaka miwili kuanzia tarehe 3 Mei 2010. Baadaye mwezi huohuo wakasaini mwingine, wa mawakili wao kubadilishana taarifa za kisheria, kwa kuwa serikali ingetaka kujua kama muungano huo unaua ushindani. Aliyeshikilia sana masharti yawe makali alikuwa Martin Marietta. Yeye ndiye mdogo, naye alihofia kwamba Vulcan, ikishajua undani wake, ingeweza kumnunua kwa nguvu. Rasimu ya kwanza ilisema taarifa zitatumika kutathmini muungano unaozihusu kampuni hizo. Mwanasheria mkuu wa Martin Marietta akabadilisha ili isomeke muungano kati ya kampuni hizo. Badiliko hilo lilionekana dogo. Mwaka mmoja na nusu baadaye lilimgeukia yeye mwenyewe.

Mazungumzo hayakufika popote. Kufikia mwaka 2011 hali ilikuwa imepinduka: ujenzi wa nyumba ulikuwa umeporomoka Marekani, Vulcan ikiumia zaidi, na Martin Marietta ikaona wakati wake umefika. Tarehe 12 Desemba 2011 iliiruka bodi ya Vulcan na kuwaendea wanahisa moja kwa moja, ikiwapa nusu hisa yake kwa kila hisa moja ya Vulcan, ofa ya karibu dola bilioni 5. Ikatangaza pia kwamba kuungana kungeokoa kati ya dola milioni 200 na 250 kwa mwaka. Siku hiyohiyo ilikwenda mahakamani Delaware kuomba itamkwe kwamba mkataba wa usiri hauizuii kufanya hivyo. Vulcan nayo ikafungua madai ya kupinga.

Watu wengi wanaposikia mkataba wa usiri hufikiria kuvuja: mtu anatoa karatasi ofisini na kumpa mshindani au gazeti. Kesi hii inafundisha jambo jingine. Katika mazungumzo ya kununua au kuungana, hatari kubwa zaidi huwa ni kwamba yule uliyempa taarifa kwa hiari azitumie kwa kazi ambayo hukukusudia. Ndiyo maana mkataba mzuri una makatazo mawili tofauti, usitoe nje na usitumie kwa jambo jingine, na la pili ndilo linalosahaulika katika mikataba mingi ya kunakili.

Martin Marietta ilijitetea kwamba kumnunua Vulcan, hata kwa kulazimisha, bado ni muungano kati ya kampuni mbili, na kwamba hakuna kifungu kilichoikataza kununua hisa. Hilo la pili lilikuwa kweli. Mikataba mingi ya aina hii huwa na sharti kwamba mpokeaji wa taarifa hataomba kununua hisa za mwenzake bila ridhaa ya bodi kwa muda fulani, nalo halikuwemo. Jaji Leo Strine hakuona kwamba kutokuwepo kwake kunafungua mlango. Baada ya kupima rasimu, barua na ushahidi wa wahusika, alifikia uamuzi kwamba muungano uliokusudiwa ni ule wa kukubaliana, na kwamba taarifa zilitumika kupanga kitu tofauti.

Kulikuwa na swali la pili, nalo ndilo linalogusa maana ya siri yenyewe. Mkataba ulihesabu kuwa siri si takwimu tu, bali hata ukweli kwamba mazungumzo yalifanyika. Martin Marietta iliyasimulia kwa kirefu katika hati za ofa yake na mbele ya wawekezaji, ikidai kwamba sheria ya masoko ya hisa inalazimisha mtoa ofa aeleze historia ya mazungumzo, na mkataba uliruhusu kutoa kile ambacho sheria inalazimisha. Mahakama ikajibu kwamba ruhusa hiyo ni ya mtu aliyebanwa kutoka nje: ameitwa shaurini, au chombo cha dola kimemwandikia kikidai nyaraka. Hata hapo anatakiwa kumtaarifu mwenzake kwanza ili apate nafasi ya kupinga. Anayejitengenezea mwenyewe hali ya kulazimika hawezi kujificha nyuma ya sharti hilo.

Kwa hiyo, unapoandika nini ni siri, usiishie kwenye nyaraka zenye mhuri wa siri. Yanayosemwa mezani huwa hayana mhuri. Kama mkataba unataka kila kitu kiandikwe alama, basi maelezo ya mdomo yathibitishwe kwa barua ndani ya siku chache. Kama hautaki, uandikwe kwamba yote yaliyotolewa kwa ajili ya mazungumzo ni siri, yawe na alama au yasiwe nayo. Taja pia tathmini ambazo mpokeaji ameziandaa kwa kutumia takwimu zako, maana mara nyingi karatasi ya mchambuzi wake ina thamani kuliko faili ulilompa. Upande wa pili nao una haki yake: yaliyokwisha kuwa hadharani, aliyoyajua kabla, aliyoyapata kihalali kwa mtu mwingine na aliyoyabuni mwenyewe hayawezi kuwa siri yako. Mtoa taarifa mwenye busara hukubali haya, ila humtaka anayeyadai ayathibitishe kwa kumbukumbu zilizoandikwa.

Bila mkataba, sheria haikuachi mikono mitupu, lakini inakupa kidogo. Katika nchi zinazofuata desturi ya sheria ya Kiingereza, kesi inayorejewa sana ni ya Coco dhidi ya A.N. Clark ya mwaka 1968. Coco alikuwa amebuni injini ya pikipiki ndogo na kuijadili na kampuni hiyo bila kusaini chochote. Jaji Megarry aliweka vipimo vitatu: taarifa iwe kweli na sifa ya siri, iwe imetolewa katika mazingira yanayomfunga mpokeaji, na iwe imetumiwa bila idhini kwa hasara ya mwenyewe. Lakini Coco hakupata zuio aliloomba. Maelezo ya nini hasa kilikuwa siri yake yalikuwa hafifu, na pikipiki ziliendelea kutengenezwa huku kampuni ikiahidi kutenga malipo kidogo kwa kila injini hadi kesi iishe.

Suala la muda huonekana jepesi, na ndipo watu wengi hujikata. Miaka miwili, lakini kuanzia lini? Tuseme mkataba umesainiwa tarehe 1 Machi 2024 kwa miaka miwili, mazungumzo yakavutana, na orodha ya wateja ikatolewa Januari 2026. Kama muda unahesabiwa tangu kusaini, orodha hiyo ina ulinzi wa takriban miezi miwili. Kama unahesabiwa tangu kila taarifa ilipotolewa, inalindwa hadi Januari 2028. Sentensi moja ndiyo inayoamua. Tena taarifa hazizeeki sawasawa: bei za robo mwaka hupoteza nguvu haraka, lakini kanuni ya kuchanganya dawa ya kuhifadhi mbao inaweza kubaki na thamani miaka ishirini. Kwa hiyo mkataba unaweza kuzipa taarifa za kawaida miaka miwili au mitatu, na siri za uzalishaji ulinzi kwa kipindi chote ambacho zimebaki siri.

Hukumu ya Strine ilitoka tarehe 4 Mei 2012, siku moja baada ya miaka miwili ya mkataba kwisha. Hata hivyo aliizuia Martin Marietta kuendelea na ofa kwa miezi minne, muda unaokaribiana na ule iliyoutumia kuvunja masharti kati ya Desemba na mwisho wa mkataba. Mkutano mkuu wa wanahisa wa Vulcan ulikuwa tarehe 1 Juni. Mahakama ya Juu ya Delaware ilithibitisha amri hiyo tarehe 31 Mei, ikiegemea zaidi kwenye utoaji wa siri na kwenye ule mkataba wa mawakili, na ofa ikaondolewa.

Tazama kwamba nafuu aliyoipata Vulcan haikuwa fedha. Hasara ya siri iliyotoka ni ngumu kuhesabu: nani atasema mteja fulani aliondoka kwa sababu mshindani alijua bei yako? Mikataba ile miwili ilikuwa imekiri mapema kwamba fidia ya fedha haitatosha, na mahakama ikauheshimu ukiri huo. Huku kwetu kifungu cha namna hiyo kinasaidia, lakini hakimalizi kazi. Kenya mwombaji wa zuio la muda hupimwa kwa kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973, na Tanzania kwa Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969. Zote zinataka kuwepo hoja ya msingi, madhara yasiyofidika kwa fedha, na mizani ya nani ataumia zaidi. Anayechelewa miezi mitatu baada ya kugundua uvujaji anajiharibia kipimo cha pili yeye mwenyewe.

Wengine huandika kiasi maalumu, mathalani shilingi milioni 500 kwa kila uvunjaji. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kiasi hicho ni dari: mahakama hutoa fidia inayostahili isiyozidi hapo, wala haikupi chote kwa kuwa tu kimeandikwa. Kwa hiyo kitaje kiasi unachoweza kukieleza kwa hesabu.

Na kabla ya zuio au fidia kuna ushahidi. Usitoe vyote siku ya kwanza. Wateja waitwe Mteja wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu hadi bei ya ununuzi ikubaliwe. Bei za sasa, ikiwa mnunuzi ni mshindani wako, wazione mawakili na wahasibu wa nje tu, si mameneja wake wa mauzo. Nyaraka ziwe na jina la mpokeaji kwenye kila ukurasa. Weka daftari la nini kilitolewa, kwa nani na tarehe gani, na mwombe kila mpokeaji asaini. Lianze siku ile faili la kwanza linapotoka ofisini kwako, maana baada ya kugombana hakuna atakayekusainia.