Paneli ya wati 100, betri ya 200: kwa nini haijai?

Swali linaloongoza kwenye barua za ukurasa huu tangu masika yaishe halihusu presha wala vidonda vya tumbo. Linahusu sola. Kila mmoja anauliza kwa maneno yake, lakini kiini ni kilekile: nina paneli ya wati kadhaa, betri ya ukubwa fulani, na kontrola katikati, betri itajaa baada ya saa ngapi?

Wengi huwa wameshapiga hesabu kabla ya kuandika. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Gawa kwa paneli ya wati 100, unapata saa 12. Jua kwetu linawaka kama saa 12 kwa siku, kwa hiyo siku moja inatosha. Wauzaji wengi nao hujibu hivyohivyo, bila kupepesa macho.

Haitoshi. Hesabu hiyo ina makosa matatu, na la tatu ndilo linaloua betri.

La kwanza ni la jua lenyewe. Zile wati 100 zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa maabara, kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya paa, mwanga wa aina hiyo unaupata karibu na saa sita mchana. Saa moja asubuhi jua lipo, ndiyo, lakini linaipiga paneli kwa ubavu. Ukikusanya mwanga wote wa siku na kuuhesabu kana kwamba wote ni wa saa sita, Dodoma na Singida zinapata saa kati ya 5 na 6. Siku ya mawingu mazito ni chini ya hapo. Tushike saa 5.

Kosa la pili limo ndani ya kontrola, na hapa kuna uvumi ambao sijui ulianzia wapi: kwamba kontrola iliyoandikwa 30A inachaji betri kwa ampea 30. Kuna watu wameng'oa ya 10A iliyokuwa nzima, wakafunga ya 30A, wakakaa kusubiri betri ijae mara tatu haraka zaidi. Kontrola haizalishi umeme. Hiyo 30A ni kiwango cha juu inachoweza kupitisha bila kuungua. Kinachoingia kwenye betri kinaamuliwa na paneli.

Na paneli inatoa nini? Paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 hutoa nguvu yake kamili ikiwa kwenye volti 18 hivi, na hapo mkondo wake ni kama ampea 5.5. Kontrola nyingi za bei nafuu ni za aina ya PWM. Hiyo kimsingi ni swichi inayofunga na kufungua kwa kasi. Inapofunga, paneli inakuwa imeunganishwa moja kwa moja na betri, na volti za paneli zinashuka mpaka zilingane na za betri, tuseme 13. Ampea zinabaki 5.5. Zidisha: wati 72. Zile nyingine hazijaibiwa na mtu. Paneli haikupata nafasi ya kuzitoa.

Kontrola ya MPPT inafanya kazi tofauti. Inaiacha paneli ibaki kwenye volti zake 17 au 18, kisha inazigeuza volti za ziada kuwa ampea. Wauzaji wanaahidi nyongeza ya asilimia 30. Inawezekana, kwenye nchi ya baridi. Kwetu paneli iliyolala juu ya bati inafika nyuzi 60 bila shida, na kila nyuzi moja juu ya 25 inapunguza nguvu yake kwa karibu asilimia 0.4. Paneli yako ya wati 100 imebaki na wati 86, nazo zikipita kwenye MPPT zinaingia betrini kama ampea 6.3. Nyongeza ni asilimia 15 hivi. Si haba, ila si ile uliyoahidiwa. PWM hata haisikii joto hilo sana, kwa sababu kinachopungua ni volti ambazo tayari ilikuwa haizitumii.

Tena nyingi za zile zinazouzwa kwa bei ya mboga zikiwa na herufi MPPT kwenye boksi ni PWM tupu. Kuzijua ni kazi ya dakika mbili. Jua likiwa kali na betri ikiwa haijajaa, weka mita ya fundi kwenye skrubu mbili za paneli pale kwenye kontrola, kisha kwenye skrubu mbili za betri. Ukisoma 13.4 upande wa paneli na 13.2 upande wa betri, hiyo ni PWM, hata kama boksi limeapa. MPPT ya kweli ingeonyesha 15 hadi 17 huku na 13 kule.

Sasa kosa la tatu, ambalo ningeweza kulizungumzia kutwa. Betri ya risasi haipokei umeme kwa kasi ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Ulipokuwa unaitumia, mabamba yake yalikuwa yanajigeuza kuwa salfeti ya risasi. Kuchaji ni kuirudisha salfeti hiyo kuwa risasi upande mmoja na oksaidi ya risasi upande wa pili, huku asidi ikirudi kwenye maji. Mwanzoni salfeti ni nyingi na iko karibu, kila ampea inayoingia inapata kazi. Betri ikifika asilimia 85 au 90, iliyobaki imejificha ndani ya vitundu vya mabamba, na kuifikia kunachukua muda. Ni kama daladala: abiria thelathini wa kwanza wanapanda kwa dakika moja, watano wa mwisho wanamchosha konda.

Ukilazimisha umeme mwingi hapo, ule usiopata salfeti unapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Ndiyo ile sauti ya kuchemka. Kwa hiyo kontrola inazuia volti zisipite kama 14.4, na kuanzia hapo mkondo unashuka wenyewe: ampea 5, kisha 3, kisha 1. Asilimia 10 ya mwisho inaweza kula saa tatu au nne. Na katika safari nzima, kwa kila ampea-saa 100 unazoingiza, utakazotoa baadaye ni kama 85. Betri za lithiamu hazina tatizo hili kwa kiasi hicho: zinapokea karibu hadi mwisho, na hupotezi kitu cha kutaja. Lakini nazo zinasubiri paneli ileile.

Kwa hiyo hesabu sahihi inaanza na ampea-saa ulizotumia. Gawa kwa 0.85, kisha gawa kwa ampea-saa ambazo paneli inaingiza kwa siku.

Tuichukue barua ya msomaji wa Singida. Ana paneli ya wati 100 na kontrola ya PWM iliyoandikwa 30A. Betri yake ya ampea-saa 100 ilikuwa inazima kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Fundi akamwambia betri ni ndogo, anunue ya 200. Akanunua. Kwa wiki tatu mambo yakawa mazuri, fundi akasifiwa mtaa mzima. Wiki ya nne betri mpya ikaanza kuzima kama ya zamani.

Paneli yake inatoa ampea 5.5 kwa saa 5, sawa na 27. Toa vumbi na upotevu wa waya, tuseme 25 kwa siku. Atakazoweza kutumia ni 21. Yeye ana televisheni na kisimbuzi vinavyokula wati 55 kwa saa nne, taa tatu za wati 5 kwa saa tano, na simu. Jumla ni wati-saa 310, yaani karibu ampea-saa 26. Kila siku anatumia 5 zaidi ya hizo 21. Betri mpya ilitoka dukani imejaa, na ampea-saa 100 za kwanza, ambazo ndizo nusu yake, ziliisha kwa siku 20. Fundi hakuongeza umeme. Alimuuzia wiki tatu.

Na akitaka kuijaza tena kutoka nusu? Mia moja gawa kwa 0.85 ni 118. Gawa kwa 25, ni karibu siku tano za jua, televisheni ikiwa imezimwa. Akiendelea kutazama, haitajaa kamwe. Betri ya risasi inahitaji mkondo wa kuchaji wa karibu moja ya kumi ya ukubwa wake. Ya 200 inataka ampea 20 hivi, naye ana 5.5.

Betri isiyojaa kwa wiki kadhaa hubadilika. Salfeti iliyoachwa inajipanga upya kuwa fuwele kubwa ngumu, ambazo haziyeyuki tena kwa kuchaji. Dalili yake inawadanganya wengi: kontrola inawasha taa ya kijani saa tatu asubuhi, na mwenye betri anafurahi kwamba siku hizi inajaa haraka. Inajaa haraka kwa sababu sehemu kubwa imekufa, na jioni haimalizi saa moja.

Hapo ndipo wanapojitokeza waganga wa betri. Mmoja anamimina asidi mpya, mwingine chumvi, mwingine anaondoa kontrola na kuunga paneli moja kwa moja “ili ipate moto.” Salfeti ngumu haiondolewi kwa kuongeza asidi, unachofanya ni kuyala mabamba yaliyobaki. Kinachopungua kwenye betri ya vifuniko ni maji, na kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa.

Ya afya, kwa haraka. Usichaji betri chumbani unakolala. Haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 ndipo uende hospitali. Betri iliyokufa usimpe anayeyeyusha risasi uani. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia risasi kwenye damu ya majirani, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Msomaji wa Singida anahitaji paneli ya pili ya wati 100. Ampea-saa 50 zitaingia kwa siku, atumie 26 kati ya 42, na 16 zinazobaki zitaijaza betri kwa siku sita au saba, kama haijaganda. Ajaribu hivi: alfajiri, vitu vyote vikiwa vimezimwa kwa saa kadhaa, apime volti. 12.2 ni nusu, 12.7 ni imejaa. Namba ikipanda siku hadi siku, imepona. Kontrola yake inatosha. Ila ahakikishe fundi anaunga paneli chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Akiziunga kwa kufuatana kwenye PWM, volti zitaongezeka maradufu, ampea zitabaki 5.5 zilezile, na kontrola ya volti 12 inaweza kuungua.