Alama 44 ni za Somo Gani?

Mwisho wa muhula, mwalimu wa darasa hubandika karatasi ya matokeo kwenye ubao wa matangazo. Mzazi mmoja huipiga picha kwa simu, na kabla jua halijazama imeshafika kwenye kundi la WhatsApp. Alama zinasomeka vizuri. Kazi iko juu ya jedwali, ambako majina ya masomo yamesimamishwa wima. Mwalimu hakufanya hivyo kwa urembo: alama ya tarakimu mbili inatosha kwenye safu ya sentimita moja, ilhali jina kama Sayansi na Teknolojia likilazwa lingekula nafasi ya safu tatu au nne. Basi anayetaka kuhamishia matokeo hayo kwenye Excel, awe anaandika kwa mkono au anatumia programu ya kusoma maandishi kwenye picha, ni nadra kukosea kusoma 44. Anachokosea ni kujua hiyo 44 ni ya somo gani.

Tuchukue karatasi yenye safu 12: Na., Jina, Jinsi, kisha masomo sita ambayo vichwa vyake vimesimama wima, yaani Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili. Halafu Jumla, Wastani na Nafasi. Kila somo ni alama 50. Mwanafunzi mmoja ana 41, 28, 33, 37, 30 na 44. Jumla yake 213, wastani 35.5, nafasi ya 9.

Njia inayomjia mtu haraka ni kukata ule ukanda wa vichwa, kuugeuza ili maneno yalale, kusoma orodha ya majina kutoka juu kwenda chini, kisha kuyapanga juu ya safu moja baada ya nyingine. Njia hiyo ina mitego miwili.

Wa kwanza ni jina lililovunjwa. Mwalimu ameandika "Sayansi na" mstari mmoja na "Teknolojia" mstari wa pili, vyote ndani ya safu moja. Ukigeuza ukanda, unaona mistari miwili, na ukiihesabu kuwa vichwa viwili unapata vichwa 13 kwa safu 12. Kuanzia hapo kila kitu kinasogea: "Sayansi na" inabaki na 37, "Teknolojia" inachukua 30 ya Maarifa ya Jamii, Maarifa inachukua 44, na Uraia na Maadili inapewa 213. Kosa hili hujianika lenyewe, kwa sababu hakuna anayepata 213 kwenye mtihani wa alama 50, na mwishoni kichwa cha Nafasi kinakosa safu. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote hesabu vichwa, hesabu safu, ulinganishe.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa hauonekani. Vichwa vya wima huandikwa kwa njia mbili. Vingi husomwa kutoka chini kwenda juu, na msomaji huinamisha kichwa upande wa kushoto. Ukanda wa namna hiyo unageuzwa kwa kufuata mwendo wa saa. Upande wa kushoto wa jedwali unakuwa juu, na orodha inatoka kwa mpangilio wake: Kiswahili kwanza, Uraia mwisho. Lakini vipo vinavyosomwa kutoka juu kwenda chini. Hivyo inabidi kuvigeuza kinyume cha mwendo wa saa, na hapo upande wa kushoto unaangukia chini. Orodha sasa inaanza na Uraia na kuishia na Kiswahili. Ukiipanga ilivyo, mtoto wetu anapewa Kiswahili 44 badala ya 41, Kiingereza 30 badala ya 28, Hisabati 37 badala ya 33. Hakuna alama iliyopita 50 na idadi ya vichwa ni sahihi. Ukijumlisha unapata 213 ile ile, maana kujumlisha hakujali kipi kimetangulia. Wengi wanaokagua kwa jumla peke yake huridhika hapa na kufunga kazi.

Dawa ya mitego yote miwili ni moja: kichwa kifungwe kwenye safu kwa mahali kilipo, si kwa zamu yake kwenye orodha. Kabla ya kugeuza chochote, angalia kila neno liko kati ya mistari gani miwili ya wima. Yote yaliyo kati ya mistari hiyo ni ya safu hiyo, yawe maneno mawili au manne, yasomwe kwenda juu au kushuka. Programu nayo ifanye vivyo hivyo: ihifadhi mahali pa kila neno kwenye picha ya awali, na kugeuza kuwe kwa ajili ya kusoma tu.

Kuna vichwa vilivyoinamishwa nyuzi 45, ambavyo Excel huviweka kwa urahisi. Hapa katikati ya neno hupotosha. Neno la urefu wa sentimita 3 likiinama kiasi hicho kuelekea kulia, katikati yake huwa imesogea karibu sentimita 1, yaani safu nzima ya jirani. Fuata mguu wa neno, pale linapoanzia chini, kwa sababu mguu ndio unaokaa juu ya safu yake.

Bado kuna kosa la picha yenyewe. Karatasi ikiwa juu ukutani na mpiga picha akiwa chini, sehemu ya juu iko mbali na kamera, kwa hiyo inatoka nyembamba. Tuseme jedwali letu lina upana wa nukta 1,800 juu na 2,400 chini. Safu nyembamba zina nukta 120 juu na 160 chini, na ukingo wa kulia umesogea nje nukta 300. Ukishuka wima kutoka kwenye kichwa cha Nafasi, kwenye mistari ya kwanza uko sawa, lakini ukifika mwanafunzi wa mwisho umeangukia safu ya Jumla. Dalili yake ni hiyo: wanafunzi wa juu wako sahihi, wa chini wamechanganyika, na safu za pembeni zimeharibika kuliko za katikati. Nyoosha picha kwanza kwa pembe zake nne. Programu nyingi za kuskani kwenye simu hufanya hivyo. Kama ni daftari lililobinuka karibu na mshono, pembe nne hazitoshi. Libonyeze likae bapa upige picha upya, au ufuate mstari wa wima kwa macho kutoka juu hadi chini.

Ukimaliza, usiishie kwenye jumla. Tafuta ushahidi wa nje: karatasi moja ya mtihani wa Hisabati iliyosahihishwa, au mwanafunzi anayejulikana hakufanya mtihani wa Kiingereza. Kistari chake kikiwa chini ya Maarifa ya Jamii, orodha imepinduka. Ukipata ushahidi wa masomo mawili yaliyo mbali mbali, pindu zima na msogeo wa safu haviwezi kukupita.

Na walimu wanaoandaa karatasi hizi wanaweza kumaliza ugomvi mapema. Andikeni namba 1 hadi 12 chini ya vichwa, namba zilizolala kama alama zenyewe, na mzirudie mwisho wa jedwali. Ni mistari miwili tu ya ziada, na atakayepiga picha hatahitaji kukisia safu.