Azimio la Kamati ya Usalama Hufungwa Lini?

Kambi nyingi za watalii kuzunguka Robanda na Ikoma, mkoani Mara, hazina uzio. Wanyama hupita watakapo, na mgeni haruhusiwi kutembea usiku bila askari wa kumsindikiza. Mpishi na mhudumu wa meza nao humaliza kazi usiku, kisha hutembea gizani kwenda makazi ya wafanyakazi. Nitatumia njia hiyo kama mfano wa kubuni, kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi kamati ya usalama inavyofanya kazi na inavyokwama.

Wawakilishi wa usalama na kamati zao wamewekwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA. Katika kambi ya wafanyakazi hamsini hivi, watu saba au wanane wanatosha: mmoja wa jikoni, wa usafi wa mahema, dereva, fundi, askari wa usiku, na wawili au watatu wa upande wa uongozi. Wa upande wa wafanyakazi wachaguliwe na wenzao. Kwa upande wa uongozi, lazima awepo mtu mwenye idhini ya kutoa fedha, la sivyo kila jambo litaishia kwenye “tutawasilisha ngazi za juu”. Kikao kipangwe saa ambayo askari wa usiku hajalala. Huyo ndiye anayeijua ile njia, na ndiye anayekosekana mara nyingi.

Ajenda yetu ya kawaida huanza na kuthibitisha muhtasari, kisha yatokanayo, na mwisho mengineyo. Yatokanayo ndiyo moyo wa kikao, lakini mara nyingi husomwa harakaharaka ili watu wafike kwenye mapya. Mimi ningeyapa nusu ya muda. Baada yake zije taarifa za ajali na za matukio ya nusura.

Tuseme mhudumu amekutana na nyati njiani saa 5 usiku, akarudi mbio jikoni bila kuumia. Kamati inajadili, katibu anaandika: “Uongozi uimarishe usalama wa njia.” Sentensi hiyo haina mwenyewe, haina tarehe, na hakuna awezaye kuthibitisha kwamba imetekelezwa. Miezi mitatu baadaye itasomwa tena ilivyo, na jibu litakuwa “inaendelea”.

Kabla ya kuazimia, kamati iulize kwa nini alikuwa peke yake. Huenda ikabainika kwamba askari yupo mmoja tu zamu hiyo, na saa hiyohiyo anasindikiza wageni kutoka kwenye chakula. Hapo taa peke yake si dawa. Yanatoka maazimio matatu, kila moja na namba yake: mkuu wa askari aongeze mtu wa pili kati ya saa 4 na saa 6 usiku, kuanzia Jumatatu, fundi afunge taa za sola njia nzima kabla ya tarehe 20, msimamizi wa bustani afyeke nyasi mita tano kila upande ifikapo Ijumaa. Kila azimio lina mtu mmoja. Ukiandika “fundi na stoo”, kila mmoja atamsubiri mwenzake. Mpaka askari wa pili aanze, wa jikoni watoke kwa pamoja na wapelekwe kwa gari.

Maazimio haya yahamishiwe kwenye rejesta moja, ambayo nakala yake hubandikwa ubao wa matangazo wa wafanyakazi. Muhtasari hueleza kilichosemwa siku ile, rejesta huonyesha hali ya leo. Tarehe ikisogezwa, ya zamani isifutwe. Ikatwe kwa mstari na sababu iandikwe. Azimio lililosogezwa mara mbili lipelekwe kwa mkurugenzi kwa barua.

Kosa linalojirudia ni kufunga mapema. Fundi anasema taa zimenunuliwa, katibu anaandika “limefungwa”, kumbe maboksi bado yako stoo. Hata zikishafungwa, hazijapimwa. Afunge azimio mtu mwingine, si aliyelitekeleza: mwakilishi wa jikoni aitembee njia usiku akiwa na askari, aone kama taa zinawaka hadi mwisho wa zamu, hasa baada ya siku ya mawingu. Kuhusu askari wa pili, aangalie daftari la zamu la wiki nne. Akikuta wiki moja hakuwepo kwa sababu wageni walizidi, azimio linabaki wazi.

Kambi zetu zina hatari ya ziada, nayo ni msimu. Nyingi hufungwa wakati wa masika, mikataba huisha, na nyumbu wanapofika Ikoma kati ya Juni na Julai, nusu ya wanakamati ni wapya. Kikao cha mwisho kabla ya kufunga kipitie rejesta tu, na kila azimio lililo wazi lipewe mtu atakayekuwepo kambi ikifunguliwa. Kabla mgeni wa kwanza hajafika, watu hao waitembee tena njia usiku, kwani mvua huwa imeotesha nyasi upya na betri za sola zimekaa miezi bila kuangaliwa.