Mechi Kamembe: Kipi Kitangulie, Kipi Kisubiri

Timu kubwa ya Kigali ikishuka Rusizi kucheza na Espoir FC, mji wa Kamembe hujaa tangu asubuhi, na wageni wengi huona mambo mawili tu: uwanja na barabara ya kurudi nyumbani. Ni hasara, maana barabara hiyo inapasua msitu wa Nyungwe na uwanja hauko mbali na Ziwa Kivu. Kuvipata vyote kwa wikendi moja kunawezekana, mradi mpango uanzie kwenye saa ya mechi.

Basi tuanze na mechi. Espoir ilishuka kutoka ligi kuu mwaka 2023, kwa hiyo usidhani Rayon Sports au APR watakuja kila msimu. Huenda wakaletwa na Kombe la Amani, na mechi za kombe mara nyingi huwekwa katikati ya wiki. Ratiba nayo hubadilishwa. Lipia chumba kwanza, na shughuli za msituni uzilipie siku ikishathibitishwa. Mechi nyingi za mchana Rwanda huanza saa tisa alasiri. Atokaye Kigoma au Mwanza arudishe saa yake nyuma kwa saa moja, la sivyo atafika getini likiwa bado limefungwa. Afadhali hivyo kuliko kuchelewa, lakini jua la Kamembe halina huruma.

Angalia pia kalenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya kitaifa, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Maduka hufungwa na magari hupungua sana barabarani. Anayepanga kutoka Kigali asubuhi hiyo akawahi mechi ya saa tisa anajidanganya, kwani safari kwa basi huchukua saa tano au sita. Wiki hiyo lala Rusizi tangu Ijumaa.

Mimi ningelala Ijumaa hata pasipo umuganda, kwa sababu ya Nyungwe. Msitu huu uliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023, na kituo cha Uwinka, penye daraja la kamba lililoning'inia mita 70 hivi juu ya bonde, kiko kando ya barabara kuu ya Huye kwenda Rusizi. Ukiondoka Kigali alfajiri kwa gari binafsi, utalipita daraja hilo na mwongozaji mchana, na jioni utakula Kamembe. Matembezi yake yana mwanzo na mwisho unaojulikana. Sokwe ni habari nyingine. Kuwafuatilia huanza kabla jua halijapanda, na wao hawana ratiba: leo utawakuta karibu, kesho utapanda vilima hadi adhuhuri. Asubuhi ya mechi usithubutu. Waweke Jumapili, au safari nyingine kabisa.

Ukisafiri kwa basi, usishuke Uwinka ukitegemea kudaka jingine. Mabasi hupita yakiwa yamejaa, na msituni hakuna bodaboda za kukuokoa. Fika kwanza Kamembe, kisha mkodi gari mkiwa watatu au wanne, mgawane gharama. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana kiingilio chao nafuu, kwa hiyo beba kitambulisho.

Jumamosi asubuhi, isipokuwa ya umuganda, inatosha soko la Kamembe na chakula cha mapema. Agiza sambaza wa kukaanga. Samaki hawa, ndugu wa dagaa wa Kigoma, waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959 na leo ndio uti wa mgongo wa uvuvi wa ziwa hili. Uwe uwanjani mapema kama unataka kivuli. Jukwaa lenye paa hujaa kwanza, na wakati wa masika ndilo pekee lisiloloa.

Kipenga cha mwisho hulia karibu saa kumi na moja. Hapo ndipo wengi hukosea: huparamia gari na kuvuka Nyungwe usiku, kwenye kona na ukungu, dereva akiwa amechoka kama wao. Ungekaa ufukweni badala yake, uone mitumbwi ya wavuvi, mitatu ikiwa imefungwa pamoja kwa miti mirefu, ikitoka na taa kwenda kutega sambaza.

Jumapili, kama huendi kwa sokwe, panda boti hadi kisiwa cha Nkombo, na kabla ya kuondoka patana nauli ya kwenda na kurudi. Bukavu utaiona ng'ambo, karibu kabisa, lakini iache: iliingia mikononi mwa M23 Februari 2025, na hakuna mechi inayostahili hatari hiyo. Karibu na mpaka zima pia huduma ya mtandao wa nje kwenye simu, isije ikanasa minara ya Kongo na kula salio lako.

Ondoka Rusizi kabla ya saa sita mchana, msitu uuvuke kukiwa bado mchana.