Kumpata Mteja Mpya Kusizidi Shilingi Ngapi?

Thamani ya mteja ni faida yote anayoiacha dukani tangu siku ya kwanza anaponunua hadi siku anapoacha kuja. Kiasi hicho ndicho mpaka wa fedha ambazo mwenye biashara anaweza kutumia kumvuta mnunuzi mpya, iwe kwa vipeperushi, kwa punguzo au kwa zawadi. Anayevuka mpaka huo hupata hasara kwa kila mteja anayeongezeka, hata kama duka linaonekana limechangamka.

Kwa mfano, duka moja mjini linauza maji ya kunywa katika madumu ya lita 20 na kuyapeleka majumbani kwa bodaboda. Mteja hutoa dumu tupu, akapewa lililojaa kwa shilingi 4,000. Kiwandani dumu hilo limenunuliwa kwa 2,500, na usafiri umekula 500. Kinachobaki ni 1,000. Familia ikichukua madumu manne kwa mwezi, huacha dukani shilingi 4,000. Kosa la kwanza la wengi huanzia hapa: huhesabu mauzo, ambayo ni 16,000, badala ya kinachobaki, na hivyo kumwona mteja ana thamani mara nne ya ile aliyonayo.

Hatua ya pili ni kujua mteja hudumu muda gani. Njia ya mkato ni kuangalia wanaoondoka. Ikiwa kila mwezi wateja 10 kati ya 100 hawarudi, mteja wa wastani hukaa miezi 10, na thamani yake ni 40,000. Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini huwachanganya wateja wa miaka na wale wa wiki iliyopita. Mgeni huondoka upesi zaidi kuliko mwenyeji. Wengi huonja mara moja tu, wakarudi kwa muuzaji wao wa zamani.

Njia ya kuaminika zaidi ni kufungua daftari na kulifuata kundi moja. Duka hili lilipata wateja wapya 40 mwezi Januari. Februari walibaki 28, Machi 24, Aprili 22, Mei 21, na Juni 20. Idadi hizo zikijumlishwa ni 155, kila moja ikiwa ni mwezi mmoja wa mteja mmoja. Zidisha kwa 4,000, upate 620,000. Gawanya kwa wale 40 wa mwanzo, upate 15,500. Hiyo ndiyo faida ambayo mteja mpya ameiacha kweli kwa miezi sita. Ile njia ya mkato ingeahidi karibu 18,700 kwa muda huohuo. Tofauti imetokana na wale 12 waliopotea baada ya mwezi mmoja tu.

Upande wa pili wa mizani ni gharama ya kumpata mteja. Januari duka lilitumia 200,000 kwa vipeperushi na malipo ya kijana aliyevigawa, kisha likampa kila mteja mpya dumu moja la bure, lililoligharimu 3,000. Jumla ni 320,000, yaani 8,000 kwa kila mteja.

Hata hivyo, wateja wote hawakuja kwa njia moja. Walipoulizwa, 12 walisema wameelekezwa na jirani. 28 ndio walioletwa na vipeperushi. Wale 12 wamegharimu 3,000 kila mmoja. Wale 28 wamegharimu dumu la bure pamoja na zaidi kidogo ya 7,100 za vipeperushi, jumla kama 10,100. Wastani wa 8,000 ulikuwa umeficha jambo hilo, na atakayeongeza vipeperushi atalipa 10,100 kwa kila mteja, au zaidi, kwa sababu mitaa ya karibu imeshafikiwa.

Je, 10,100 ni nyingi? Ziko chini ya 15,500, lakini kiasi hicho hakiwezi kutumika chote, kwa kuwa kodi ya pango na mshahara wa dukani hutoka humohumo. Tena fedha hurudi polepole: mteja wa kundi lile alikuwa amerudisha wastani wa 4,000 mwishoni mwa Januari, 6,800 mwishoni mwa Februari, 9,200 mwishoni mwa Machi na 11,400 mwishoni mwa Aprili. Duka ambalo mtaji wake huvumilia miezi mitatu tu liweke kikomo cha 9,200. Kwa kikomo hicho, kipeperushi kimepita kiasi. Jirani anayeelekeza anaweza kupewa dumu la bure kama shukrani, na gharama ikabaki 6,000.

Kikomo hicho hubadilika kila kiwanda kinapopandisha bei. Dumu likinunuliwa kwa 2,800 na duka likabaki kuuza 4,000, kinachobaki ni 700, na cha miezi mitatu hushuka hadi 6,440.