Kahawa ya 'asali' haina asali. Utamu wake unatoka wapi?

Hivi karibuni nilimpelekea shangazi yangu pakiti ya kahawa. Ana kisukari, na huinywa bila sukari kila asubuhi. Akavaa miwani, akasoma maandishi ya pakiti, kisha akanirudishia.

"Mwanangu, hii wameandika 'hani'. Si asali hiyo? Unataka nilazwe?"

Wasiwasi wake una mantiki. Pakiti za siku hizi zimejaa maneno kama 'hani' na 'anaerobiki', na anayeionja kahawa hiyo huapa kuwa imetiwa kitu. Mzazi mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani ana haki ya kujua.

Tuanze shambani. Tunda la kahawa lililoiva lina ganda jekundu, na chini yake kuna ute mtamu unaonata vidoleni. Ndani ya ute kuna ganda jembamba kama karatasi, halafu punje zenyewe. Kilimanjaro, wakulima wa arabika humenya tunda, huacha ute uchachuke, huuosha kwa maji na kuanika. Kagera, robusta huanikwa tunda zima hadi likauke.

'Hani' ipo katikati. Tunda linamenywa, lakini ute hauoshwi. Punje huanikwa kwenye vichanja zikiwa bado zinanata, na hugeuzwa mara kwa mara zisishikane. Jina hilo lilienea kutoka Kosta Rika, ambako ute wenyewe huitwa asali kwa Kihispania. Kadiri ute ulioachwa unavyokuwa mwingi, ndivyo rangi ya punje inavyokoza, kutoka njano hadi nyekundu na hata nyeusi, na ndivyo inavyochukua muda kukauka. Nyuki hahusiki popote.

'Anaerobiki' ni uchachushaji bila hewa. Kahawa hutiwa kwenye pipa linalofungwa kabisa, lenye kivalvu kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, na hukaa humo siku moja hadi nne, wakati mwingine zaidi. Chachu na bakteria hula sukari ya ute na kutoa asidi, pombe kidogo na harufu za matunda. Mwaka 2015 Sasa Sestic wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia wa watayarishaji kahawa kwa punje zilizochachushwa kwa njia ya jamii hiyo, na baada ya hapo ikapata umaarufu mkubwa.

Sasa swali la shangazi: je, sukari ya ute huingia kwenye kikombe? Karibu yote huliwa na vijidudu au hubaki nje ya punje, na ganda la karatasi hukobolewa kabla ya kukaanga. Punje ina sukari yake, lakini moto wa nyuzi 200 na zaidi huiteketeza karibu yote. Pombe nayo hupotea kwenye moto huo. Kikombe kisichotiwa kitu hubaki na takriban kalori 2.

Utamu huo, basi, huanzia puani. Ubongo umezoea kuunganisha harufu ya ndizi mbivu au nanasi na sukari, hivyo ukiinusa unahisi utamu. Jaribu mwenyewe: bana pua, piga funda, kisha achia. Ladha ya tunda itatokea ghafla ukiachia.

Shangazi alijaribu, akacheka. Nilimshauri pia apime sukari kabla na baada ya kunywa kwa siku chache, kwa sababu kafeini yenyewe huwapandishia sukari baadhi ya wenye kisukari. Usindikaji huu hauiondoi kafeini hiyo. Kwa hiyo kwa mjamzito ushauri ni uleule: asivuke miligramu 300 kwa siku, na wataalamu wengine husema 200. Harufu ya pipi isikushawishi kumpa mtoto.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, wazalishaji wengine hutia matunda, mdalasini au vionjo ndani ya pipa. Mwenye mzio nyumbani asome pakiti au amuulize muuzaji kama kuna kilichoongezwa.

La pili ni kahawa iliyoharibika. Ute ukikaa bila kugeuzwa, au mvua ikinyesha wakati wa kuanika, punje huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumu ambayo moto hauimalizi yote. Fungua pakiti unuse. Harufu ya tunda au divai ni ya kawaida. Siki kali, kitunguu kilichooza au gunia lenye unyevu ni dalili kwamba mambo yaliharibika huko shambani. Irudishe dukani.

Shangazi amebaki na pakiti yake. Sukari ya mezani ndiyo ameificha, wageni wasimtilie kwa mazoea.